Kutafuta ndani ya video za mihadhara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi na wahadhiri wanaotumia hifadhi ya video ya chuo chetu hapa Dar es Salaam. Mengi yanahusu jambo moja linalowasumbua watu kuliko yote: una uhakika neno lilitamkwa, lakini mfumo unakwambia halipo. Tumelipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Nikiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, mfumo unaangalia nini?

Unaangalia maandishi, si picha wala sauti yenyewe. Mhadhara ukishapokelewa, sauti yake hutolewa na kupitishwa kwenye programu iitwayo Whisper, ambayo huandika yaliyosemwa pamoja na muda ambao kila sentensi ilianza na kuisha. Maandishi hayo tunayaita manukuu. Kwenye faili yanaonekana hivi:

```
00:31:12.400 --> 00:31:17.900
Mto unapo momonyoa kingo zake udongo unakwenda chini
```

Sambamba na manukuu tunaweka orodha ya nyakati ambazo slaidi ilibadilika ukutani, na maneno yaliyosomwa kwenye kila slaidi. Unapotafuta, orodha zote mbili zinapekuliwa. Kwa hiyo kitu ambacho mhadhiri alikionyesha kwa kidole bila kukitaja, wala hakikuandikwa kwenye slaidi, hutakipata kwa njia hii.

Nilikuwepo darasani na nilimsikia mhadhiri akieleza mmomonyoko wa kingo za Mto Msimbazi. Mbona nikiandika "mmomonyoko" sipati kitu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na mfano huu wa Msimbazi unalionyesha vizuri.

Rudi kwenye mstari wa manukuu hapo juu. Mhadhiri hakusema "mmomonyoko". Alisema "unapomomonyoa". Wewe na mimi tunajua ni jambo lilelile, ila kwa kompyuta inayolinganisha neno zima na neno zima, hayo ni maneno mawili yasiyohusiana. Mitambo mingi ya kutafutia imetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika zaidi mwishoni, kwa hiyo hukata mkia wa neno na kulinganisha kinachobaki. Kiswahili kinarundika mambo mbele: u- ya mto, -na- ya wakati, -po- ya pale jambo linapotokea, ndipo mzizi unafika. Ukikata mkia wa "unapomomonyoa" bado kichwa chote kimebaki, na hakifanani kabisa na "mmomonyoko".

Kuna tatizo la pili katika mstari uleule. Programu imeandika "unapo momonyoa", maneno mawili badala ya moja. Hutokea mara kwa mara kwenye vitenzi virefu, hasa mhadhiri akivuta pumzi katikati ya neno. Hata mtu ambaye angeandika "unapomomonyoa" herufi kwa herufi angekosa.

Tulichofanya ni kuacha kupanga faharasa kwa maneno mazima. Sasa kila mstari unakatwa katika vipande vya herufi tatutatu vinavyopandana. Ukiandika `momony`, mfumo unatafuta mom, omo, mon na ony zikifuatana kwa mpangilio huo, popote zilipo ndani ya neno. Hivyo "mmomonyoko", "unapomomonyoa", "ulimomonyoka" na hata "unapo momonyoa" vyote vinanaswa. Kwa wanaopenda kujua, tunatumia SQLite, na amri zenyewe ni fupi:

```
CREATE VIRTUAL TABLE manukuu USING fts5(
  video UNINDEXED, sekunde UNINDEXED, maneno,
  tokenize='trigram');

SELECT video, sekunde FROM manukuu
WHERE maneno MATCH 'momony';
```

Kwa hiyo andika mzizi, usiandike neno zima. Anza na umbo unalolijua, ondoa viambishi vya mbele, ondoa irabu ya mwisho, kisha tafuta kilichobaki. Kwa mafuriko andika `furik`, na utapata "mafuriko", "ulifurika" na "yanapofurika". Mwanafunzi wa jiografia aliyekuwa akitafuta mhadhara huu alijaribu kwanza "mmomonyoko", kisha "kumomonyoka kwa udongo", akakosa kote. Kwa `momony` mhadhara ulijitokeza mara moja, kwenye dakika ya 31.

Je, mzizi unatosha kila mara?

Hautoshi, na mahali pawili utakuangusha.

Mzizi mfupi unaleta takataka. Anayetafuta kilimo akiandika `lim` atapata kweli "kilimo", "mkulima" na "wanalima". Lakini atapata pia "mwalimu", "elimu", "Kilimanjaro" na kila mahali mhadhiri alipotaja Mlimani. Hapo ni bora uandike `kilimo` na `mkulima` kwa zamu, au uongeze neno la pili linaloambatana na mada, kama `lim` pamoja na `mbolea`. Tahadhari ni ileile hata kwa mizizi inayoonekana salama: `soma` inaileta Somalia. Mizizi ya herufi moja au mbili, kama ya kula, kufa na kuja, haitafutiki kabisa, kwa sababu kipande kidogo kabisa kwenye faharasa kina herufi tatu.

Mahali pa pili ni pale sauti ya mwisho ya mzizi inapogeuka. Pika inatoa mpishi, linda inatoa mlinzi, fuata inatoa mfuasi. Anayetafuta `lind` hatampata "mlinzi" hata kidogo. Tulifikiria kuufundisha mfumo mabadiliko haya yote, lakini majaribio yalileta majibu mengi yasiyohusika, kwa hiyo tumeliacha jambo hili mikononi mwa mtafutaji. Ukitafuta kitendo, tafuta pia mtendaji wake.

Mhadhiri wetu anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Nitafute kwa lugha gani?

Kwa zote mbili, na inafaa ujue sababu.

Whisper husikiliza sauti kwa mafungu ya sekunde 30. Isipoambiwa lugha, hukisia kutokana na fungu la kwanza, kisha hushikilia jibu hilo kwa faili zima. Sasa fikiria mhadhara wa kawaida hapa kwetu. Mhadhiri anaingia, anasalimu, anatangaza kwa Kiswahili kwamba jaribio limesogezwa hadi wiki ijayo, anawaomba waliosimama mlangoni wasogee mbele. Kisha anafundisha saa nzima kwa Kiingereza, akirudi kwenye Kiswahili pale tu anapoona nyuso zimekunjamana. Programu imeshaamua kwamba hii ni video ya Kiswahili. Maneno ya Kiingereza itayaandika kwa tahajia ya Kiswahili ya kubuni, au itayageuza kuwa sentensi za Kiswahili ambazo mhadhiri hakuzisema.

Dalili yake ni rahisi kuiona: unasikia Kiingereza masikioni huku unasoma Kiswahili kwenye skrini. Kosa hili ni la hatari kuliko neno lililoandikwa vibaya, maana sentensi inasomeka vizuri na mtu anaweza kuiamini.

Siku hizi tunakata sauti kwanza kwenye mapumziko ya mzungumzaji, kisha kila kipande kinatambuliwa lugha yake peke yake. Vipande ambavyo programu inasitasita tunavipitisha mara mbili, mara moja kwa kila lugha, na matokeo yote mawili yanaingia kwenye faharasa. Ndiyo maana wakati mwingine unaona mistari miwili tofauti kwa sekunde zilezile. Kwa mhadhara wa Msimbazi, tafuta `momony`, kisha tafuta `erosion`. Sentensi ya kuelezea huwa ya Kiswahili, lakini istilahi, yaani lile neno litakalokuja kwenye mtihani, mara nyingi hutajwa kwa Kiingereza.

Kwenye manukuu kuna sentensi moja imejirudia mistari kumi mfululizo. Mhadhiri aliisema kweli mara zote hizo?

Hapana. Hapo palikuwa na ukimya. Wanafunzi walipewa zoezi, au mhadhiri alikuwa akiandika ubaoni kimya, na kinachosikika ni feni na watu wakinong'ona. Programu hizi zimefundishwa kutoa maneno, na zisipopata maneno wakati mwingine hubuni: hurudia sentensi ya mwisho, au huandika maneno ya kuagana na watazamaji ambayo hakuna aliyeyatamka.

Tunazuia hili kwa kuchuja sehemu zisizo na sauti ya mtu kabla ya kunukuu, na mistari inayofanana ikifuatana tunaiondoa kwenye faharasa. Kinachotuponyoka ni sentensi ya kubuni iliyotokea mara moja tu. Ukikuta mstari usiohusiana kabisa na mada, bonyeza usikilize kabla ya kuuamini.

Mnasema manukuu yana makosa. Ni mengi kiasi gani?

Inategemea chumba, kipaza sauti na mzungumzaji, kwa hiyo hatutoi tarakimu moja kwa hifadhi nzima. Bora tukuonyeshe jinsi ya kuisoma tarakimu yoyote utakayoikuta, kwa sababu kipimo kinachotumiwa sana kinakionea Kiswahili.

Kipimo hicho huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Chukua mstari wetu. Mhadhiri alisema maneno saba: "Mto unapomomonyoa kingo zake udongo unakwenda chini." Programu iliandika "unapo momonyoa". Kwa kipimo hiki neno moja limebadilishwa na jingine limeongezwa, yaani makosa mawili kwa maneno saba, karibu asilimia 29. Ukisikia tarakimu hiyo utadhani mstari hausomeki. Kumbe kilichotokea ni nafasi moja kuingia katikati ya neno. Ukihesabu kwa herufi, ukijumlisha na nafasi, mstari una alama 51 na kosa ni moja, karibu asilimia 2.

Kwa utafutaji wa vipande vya herufi tatu, tarakimu ya pili ndiyo inayoeleza hali halisi. Sisi tunatazama hiyo. Makosa yanayotuumiza kweli ni yale yanayoharibu mzizi wenyewe, na hayo hutokea zaidi kwenye majina ya mahali na istilahi. "Msimbazi", "Jangwani" na "Pugu" tunaipa programu mapema kama maelezo ya awali, ili ielewe ni majina ya aina gani yanatarajiwa. Maelezo hayo yana kikomo kifupi na nguvu yake inafifia kadiri sauti inavyoendelea, kwa hiyo tunaomba wahadhiri watuletee majina machache yaliyo muhimu zaidi badala ya orodha ya kozi nzima.

Kwa nini jibu linanipeleka dakika moja na zaidi kabla ya neno nililolitafuta?

Kwa sababu umebonyeza "Anzia mwanzo wa slaidi". Kitufe cha pembeni yake, "Anzia neno", kinakufikisha kwenye sentensi yenyewe. Sisi tunapendekeza cha kwanza. Kwenye mhadhara wa Msimbazi neno linatamkwa dakika 31 na sekunde 12, lakini slaidi yenye mchoro wa kingo za mto ilifunguliwa dakika 29 na sekunde 50. Katika muda huo mhadhiri anaeleza kwa nini maji yanayoteremka kutoka vilima vya Pugu yana nguvu upande wa nje wa kona ya mto. Ukirukia neno moja kwa moja utasikia hitimisho bila sababu yake.

Kuipata mipaka hiyo ya slaidi kulihitaji kazi zaidi kuliko tulivyotarajia. Zana za kutambua mipaka ya matukio zimezoea filamu, ambako kamera hukata kutoka sura moja hadi nyingine na picha nzima hubadilika. Ukumbini kamera ni moja, imesimama nyuma ya chumba tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni pembe ndogo ya picha, na mara nyingi ni maandishi meusi kwenye weupe uleule. Zana ya ffmpeg hutoa alama kati ya 0 na 1 kwa ukubwa wa badiliko. Kwa filamu watu hutumia kizingiti cha 0.3 au 0.4, na kwa kizingiti hicho mhadhara mzima unaweza kutoka bila mpaka hata mmoja. Tunakata kwanza eneo la projekta, tunachukua picha moja kwa sekunde, kisha tunashusha kizingiti:

```
ffmpeg -i msimbazi.mp4 -vf "crop=960:540:900:80,fps=1,select='gt(scene,0.05)',showinfo" -f null -
```

Kila badiliko linatokea kwenye skrini likiwa na `pts_time`, yaani sekunde lilipotukia. Tarakimu nne za `crop` ni upana, urefu, na mahali eneo linapoanzia. Hutofautiana kwa kila ukumbi, na ikiwa mtu amesogeza kamera hutofautiana hata ndani ya ukumbi mmoja.

Kizingiti kikishuka, mipaka ya uongo inaongezeka. Mhadhiri anapopita mbele ya projekta, kivuli chake kinahesabiwa kama slaidi mpya. Dawa yake ni kulinganisha picha ya kabla na ya sekunde chache baadaye: zikifanana, hakuna mpaka. Slaidi inayoleta hoja mojamoja inazaa mipaka mitano badala ya mmoja, kwa hiyo tunasoma kichwa chake, na kichwa kisipobadilika tunaihesabu slaidi ileile. Umeme ukikatika, ukuta unakuwa mweusi, kisha jenereta linawaka na projekta inaonyesha rangi tupu kwa muda kabla slaidi haijarudi. Vipande hivyo tunaviunganisha slaidi ileile ikirejea, ila kama mhadhiri aliendelea kufundisha gizani, manukuu yake yanabaki chini ya slaidi ya mwisho iliyoonekana.

Kuna kasoro moja ambayo hatujaiondoa. Wahadhiri wengi huanza kuzungumzia mada mpya kabla ya kubonyeza slaidi inayofuata. Neno likitamkwa katika sekunde hizo, mfumo huliweka chini ya slaidi iliyotangulia, na kitufe cha "Anzia mwanzo wa slaidi" kitakurudisha mbali bila sababu. Ukiona slaidi haihusiani na neno lako, tumia "Anzia neno".

Vipi mihadhara ya ubaoni, isiyo na slaidi?

Hiyo haina mipaka ya picha inayoaminika. Ubao unajaa polepole, na kinachobadilika ghafla ni mhadhiri anapoufuta tu. Tunatumia kufuta huko pale kunapoonekana, pamoja na mapumziko marefu ya sauti. Kwa mihadhara ya hesabu na fizikia tunakushauri utegemee manukuu zaidi. Fomula zilizoandikwa ubaoni hazisomwi na mfumo, ila mhadhiri akiitamka, tafuta alivyoitamka.

Sina bando la kutosha kufungua video kumi nikibahatisha. Kuna njia?

Ipo. Ukurasa wa majibu unaonyesha manukuu ya mistari kadhaa kabla na baada ya neno, pamoja na picha ndogo ya slaidi, na haupakui video mpaka ubonyeze. Soma kwanza. Ukishaipata sehemu yako, video inaanzia hapo bila kupakua dakika zilizotangulia. Wengi wanaotaka kujisomea tu hupakua faili la manukuu peke yake, ambalo ni maandishi matupu na halili bando.

Naweza kuyanukuu maneno ya mhadhiri kwenye tasnifu yangu kutoka kwenye manukuu?

Usinakili manukuu kama yalivyo. Sikiliza sehemu hiyo mwenyewe, andika ulichosikia, kisha taja tarehe ya mhadhara na muda wa kwenye video, mfano 00:31:12, ili msimamizi wako aweze kuihakiki. Kwa maswali yaliyoulizwa na wanafunzi ndani ya video, usitaje majina yao hata kama yanasikika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia, na hifadhi hii inafuta majina hayo kwenye manukuu kila inapoyagundua.

Nimeona kosa. Nifanyeje?

Bonyeza alama ya kalamu mwishoni mwa mstari, andika sentensi sahihi, tuma. Mfanyakazi wa hifadhi atasikiliza sekunde hizo kabla ya kukubali. Rekebisha neno lililokosewa tu. Usinyooshe sarufi ya mhadhiri, wala usiondoe Kiingereza chake, kwa sababu manukuu yanapaswa kufuata alichokisema. Ukiona jina moja limekosewa katika video nyingi za kozi moja, andika hivyo kwenye kisanduku cha maoni, nasi tutaipa programu jina hilo na kuinukuu kozi nzima upya. Mstari uliokubaliwa unaingia kwenye faharasa usiku uleule, na kuanzia asubuhi unatafutika.